Riba asilimia 5 kwa mwezi, gawio asilimia 17 kwa mwaka: hesabu ya kikundi cha hisa

Mwaka unapokaribia kwisha na vikundi vya kuweka na kukopa vinapovunja mzunguko, kuna swali linaloulizwa karibu kila mahali, na mara nyingi halipati jibu la kueleweka. Mwanachama anajua kikundi chake kinatoza riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Anazidisha kwa miezi 12, anapata asilimia 60. Aliweka akiba ya shilingi 600,000, kwa hiyo anategemea faida ya 360,000. Anapokabidhiwa bahasha anakuta faida ni 102,000, yaani asilimia 17. Hapo macho yote yanamgeukia mweka hazina.

Mara nyingi mweka hazina hajagusa kitu. Faida ya kikundi cha hisa ina njia zake za kupungua kabla haijamfikia mtu, na mgawanyo wake una upendeleo ambao haujaandikwa na yeyote kwenye katiba. Mtu akiijua hesabu hii vizuri ataacha kumshuku asiye na kosa. Na siku pesa itakapokuwa imeibwa kweli, ataiona.

Sanduku, funguo na mihuri

Mfumo wenyewe una majina mengi. Tanzania wengi wanauita vikoba au kikundi cha hisa, Kenya ni chama. Namna inayotumika zaidi vijijini na mitaani kwetu ilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, wakati shirika la CARE lilipoanza kuwafundisha wanawake kuweka akiba pamoja, kukopeshana akiba hiyo hiyo, kisha kugawana kila kitu mwisho wa mzunguko. Hakuna mtaji unaotoka nje. Pesa yote iliyomo ni ya wanachama, na hilo ndilo linaloiendesha hesabu nzima nitakayoeleza.

Mkutano unakuwa hivi. Sanduku la chuma linawekwa katikati. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ambao si viongozi, kila mmoja ana yake, na anayelilaza sanduku nyumbani kwake hana hata moja. Linafunguliwa mbele ya wote. Katibu anaita namba ya mwanachama, mwanachama anakuja mbele na pesa yake, wahesabu fedha wawili wanaihesabu kwa sauti, kisha kitabu chake kinagongwa muhuri mmoja kwa kila hisa aliyonunua. Kikundi ninachokitumia hapa kama mfano kina hisa ya shilingi 5,000, na kila wiki mwanachama ananunua hisa isiyopungua moja na isiyozidi tano. Nafasi za wiki ambayo hakufika zinapigwa mstari ili zisije zikagongwa muhuri baadaye. Mkutano ukiisha, kiasi kilichobaki sandukuni kinatangazwa na kila mtu anaondoka nacho kichwani. Wiki inayofuata, kabla ya jambo lolote, mtu yeyote anaweza kuulizwa: tuliacha shilingi ngapi?

Mkopo unatolewa kila baada ya wiki nne. Mtu hukopa hadi mara tatu ya akiba yake, analipa ndani ya miezi mitatu, na riba ni asilimia 5 kwa mwezi ya deni lililobaki.

Milioni 7.2 zilivyogeuka milioni 2

Chukulia kikundi hicho kina wanachama 20, na kwa ujumla wao wananunua hisa 200 kila mwezi, yaani shilingi milioni 1. Kwa mwaka ni hisa 2,400 na akiba ya milioni 12. Asilimia 60 ya milioni 12 ni milioni 7.2, na hiyo ndiyo faida iliyomo kichwani mwa yule mwanachama. Tuone inakoishia.

Kwanza, milioni 12 hazikuwepo Januari. Mwezi wa kwanza kulikuwa na milioni 1, wa pili milioni 2, na hivyo hivyo hadi wa kumi na moja, ambapo zilifika 11. Pesa ya mwezi wa kumi na mbili haiwezi kukopeshwa kwa sababu mwezi huo ndio wa kugawana. Hata kama kikundi kingekopesha kila senti iliyomo kila mwezi, salio la mikopo la miezi yote likijumlishwa lingekuwa milioni 66, na asilimia 5 yake ni milioni 3.3. (Riba nayo hurudi sandukuni ikakopeshwa tena, lakini naiacha pembeni, haibadilishi picha.) Kwa hiyo zaidi ya nusu ya faida aliyoitegemea mwanachama wetu haikuwahi kuwepo. Aliipigia hesabu pesa ambayo ilikuwa bado mifukoni mwa watu.

Pili, si kila pesa inapata mkopaji. Kuna mwezi wa mavuno ambao hakuna mwenye shida, na kuna tahadhari ya kuacha kiasi kidogo sandukuni. Kikundi chetu kinakopesha asilimia 80 ya akiba: laki 8 mwezi wa kwanza, milioni 1.6 wa pili, hadi milioni 6.4 mwezi wa nane. Kikiendelea hivyo hadi mwezi wa kumi na moja, riba inakuwa milioni 2.64.

Tatu, mikopo lazima isimame mapema. Kama mkopo unalipwa kwa miezi mitatu na mgao ni mwezi wa kumi na mbili, mkopo wa mwisho unatolewa mwezi wa tisa. Kwa hiyo salio la mikopo linaanza kushuka wakati akiba ndiyo kwanza inakua: milioni 6 mwezi wa tisa, 4 mwezi wa kumi, 2 mwezi wa kumi na moja, na mwisho sifuri. Ukijumlisha salio la miezi yote unapata milioni 40.8, na asilimia 5 yake ni shilingi 2,040,000. Gawanya kwa hisa 2,400: kila hisa imezaa shilingi 850. Hisa iliyonunuliwa kwa 5,000 sasa ina thamani ya 5,850. Ndiyo asilimia 17.

Hapo pana jambo ambalo vikundi vingi havilioni. Mwezi wa kumi na moja, akiba na riba iliyokusanywa vimefika shilingi milioni 12.94, na nje iko milioni 2 tu. Maana yake sanduku lina shilingi milioni 10.94 taslimu, chini ya kitanda cha mtu. Miezi ambayo pesa ni nyingi kuliko wakati wowote ndiyo miezi ambayo haifanyi kazi yoyote, na ndiyo miezi ambayo mwizi anaijua. Kama kikundi kina uwezo wa kufungua akaunti ya benki au akaunti ya kikundi kwenye simu yenye watia saini zaidi ya mmoja, basi ifunguliwe kwa ajili ya miezi hii mitatu, hata kama mwaka mzima wanalitumia sanduku.

Na kabla sijaliacha suala la riba: hesabu hii yote ni ya riba ya salio linalopungua. Anayekopa 450,000 analipa 22,500 mwezi wa kwanza. Akisharudisha 150,000 analipa 15,000, kisha 7,500. Jumla 45,000. Vikundi vingine vinatoza asilimia 5 ya mkopo wa mwanzo kila mwezi, hata kama theluthi mbili imesharudishwa. Hapo anayekopa 450,000 analipa 22,500 mara tatu, jumla 67,500. Kwenye katiba zote mbili imeandikwa "riba asilimia 5 kwa mwezi", lakini ya pili kwa kweli ni asilimia 7.5. Ukijiunga na kikundi, uliza asilimia 5 ya nini.

Nani anamlipa nani

Mara nyingi utasikia kikundini: riba tunajilipa wenyewe. Kwa kikundi kizima ni kweli, kwa sababu kila shilingi ya riba imetoka kwa mwanachama na inarudi kwa mwanachama. Kwa mtu mmoja mmoja si kweli hata kidogo.

Mchukue mshonaji wa kikundi hiki. Ananunua wastani wa hisa 10 kwa mwezi, kwa mwaka 120, sawa na 600,000, na hajakopa hata mara moja. Siku ya kuvunja anapokea hisa 120 mara 5,850, yaani 702,000. Faida yake 102,000.

Mwenzake ni mama lishe. Ananunua hisa 5 kwa mwezi, kwa mwaka 60, sawa na 300,000. Mwezi wa sita ana akiba ya 150,000, kwa hiyo anaruhusiwa kukopa hadi 450,000. Anazikopa zote, ananunua sufuria kubwa na magunia ya mchele, na riba yake ni ile 45,000. Mwezi wa tisa anakopa 600,000 nyingine na kulipa riba ya 30,000, kisha 20,000, kisha 10,000. Kwa mwaka amelipa riba ya 105,000. Siku ya kuvunja anapokea 351,000, na faida ndani yake ni 51,000. Anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini ukitoa alichopata kwenye alicholipa, kikundi kimemgharimu 54,000.

Hizo 54,000 ndizo bei halisi ya mikopo yake miwili. Si bei mbaya. Ukiifananisha na ile mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu, ambako mtu anaanza kudaiwa kila siku kabla hata mzigo wake haujauzika, mama lishe yuko pazuri. Ila ajue kwamba faida ya mshonaji imetoka kwake na kwa wakopaji wenzake. Mwenye akiba nyingi na mikopo michache anavuna. Mwenye akiba chache na mikopo mingi ndiye shamba.

Hili linaonekana wazi siku ya kupanga kiwango cha riba. Kikundi kikipandisha riba hadi asilimia 10 na watu wakakopa vile vile, mama lishe atalipa 210,000 na kupata faida ya 102,000, kwa hiyo gharama yake inakuwa 108,000. Gawio limeongezeka maradufu, naye amezidi kuumia. Wanaosimama kutetea riba kubwa kwa kauli kwamba "faida itakuwa nono" huwa ni wale wanaonunua hisa tano kila wiki na hawakopi. Kwa maoni yangu, asilimia 10 kwa mwezi ni kubwa mno kwa biashara nyingi za mtaani, na kikundi kinachoitoza kinageuza wanachama wake wadogo kuwa wateja wa wanachama wake wakubwa.

Baadhi ya vikundi vimeiona kasoro hii vikaja na dawa mbaya kuliko ugonjwa: kila mwanachama analazimishwa kukopa, ahitaji asihitaji, ili "wote tuchangie faida". Matokeo yake mtu anachukua pesa asiyokuwa na kazi nayo, anairudisha na riba baada ya mwezi, au anamkopesha jirani aliye nje ya kikundi kwa riba kubwa zaidi. Jirani huyo akikimbia, hasara inarudi kikundini, na hakuna aliyewahi kumjadili wala kumdhamini.

Anayekuja mwishoni

Upendeleo wa pili umejificha ndani ya neno hisa. Hisa iliyonunuliwa mwezi wa kwanza na iliyonunuliwa mwezi wa kumi na mbili zote zinapata 850. Ya kwanza imezunguka kwenye mikopo miezi kadhaa. Ya pili imelala sandukuni siku chache tu ikafuata mgao.

Mwanachama wa tatu ni muuza vitenge. Miezi minane ya mwanzo alinunua hisa 5 kwa mwezi, jumla 40. Kuanzia mwezi wa tisa akanunua 20 kila mwezi, kiwango cha juu kabisa, jumla 80. Mwisho wa mwaka ana hisa 120, sawasawa na mshonaji, na anapokea 702,000 ile ile. Lakini angalia: mkopo wa mwisho ulitolewa mwezi wa tisa. Hisa alizonunua mwezi wa kumi, wa kumi na moja na wa kumi na mbili ni 60, na hazikukopeshwa kwa mtu yeyote. Shilingi 51,000 alizozipata juu ya hisa hizo zilizaliwa na pesa za wengine.

Sisemi ameiba. Amefuata kanuni zilizopo. Na kanuni inaweza kurekebishwa kwa namna tatu, kutegemea kikundi kinaweza hesabu kiasi gani.

Iliyo sahihi zaidi ni kuzipa hisa uzito wa muda. Hisa ya mwezi wa kwanza inahesabiwa 12, ya mwezi wa pili 11, hadi ya mwisho inayohesabiwa 1. Mshonaji kwa njia hii ana alama 780, muuza vitenge ana 540, na kikundi kizima kina 15,600. Faida ya 2,040,000 ikigawanywa kwa alama hizo, mshonaji anabaki na 102,000 yake na muuza vitenge anapata kama 70,600. Hesabu ni ya haki, lakini inataka katibu makini na daftari lisilo na makosa, na mwanachama asiyejua kusoma hawezi kuihakiki mwenyewe. Akiiangalia mihuri kwenye kitabu chake haimwambii tena anastahili nini. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu nguvu ya vikundi hivi ni kwamba kila mtu anaweza kuhesabu mihuri yake.

Njia ya pili ni nyepesi, nami naiona inafaa vikundi vingi: mikopo ikisimama, ununuzi wa hisa nao usimame, au kila mtu anunue hisa moja tu kwa mkutano. Wanaotaka kuendelea kuweka akiba miezi hiyo waweke kwa jina lao, warudishiwe kama ilivyo bila gawio. Faida inabaki ile ile, hisa zinapungua, na kila hisa iliyofanya kazi inapata zaidi.

Ya tatu tayari imo ndani ya mfumo: ile kanuni ya hisa zisizozidi tano kwa wiki. Wengi hudhani imewekwa ili matajiri wasiwazidi nguvu maskini, na hilo ni kweli, lakini pia inamzuia mtu asije Novemba na fungu la pesa akanunua faida ya mwaka mzima. Ndiyo maana kikundi kinachoruhusu "kujazia" hisa za nyuma kwa mkupuo kinajichimbia shimo. Mtu akitaka kujiunga katikati ya mzunguko, alipe thamani ya hisa ya siku hiyo. Mwisho wa mwezi wa sita kikundi chetu kina akiba ya milioni 6 na riba iliyoingia ni 600,000; kuna hisa 1,200, kwa hiyo kila hisa ina thamani ya 5,500. Mgeni anunue kwa bei hiyo, si kwa 5,000.

Faida iliyo daftarini tu

Mpaka hapa nimechukulia kila mtu amelipa. Sasa chukulia mwanachama mmoja mwenye hisa 60 amefika siku ya kuvunja akiwa na deni la mtaji la 400,000. Riba amekuwa akilipa, ila mtaji haujarudi.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kugawana kwa kufuata daftari. Daftari linasema 5,850 kwa hisa, basi wanaanza kulipana kwa mpangilio wa namba, na waliofika namba 19 na 20 wanakuta pesa imekwisha. Vurugu za Desemba nyingi huanzia hapo.

Utaratibu ulio salama ni kuhesabu kwanza pesa iliyopo mezani. Katika mfano huu ilipaswa kuwepo milioni 14.04, lakini ipo milioni 13.64. Stahili ya mdaiwa, hisa zake 60 kwa 5,850, ni 351,000, na haitoshi kufuta deni la 400,000. Kwa hiyo haki yake yote inazama kwenye deni, na bado anadaiwa 49,000. Waliobaki wana hisa 2,340. Milioni 13.64 ikigawanywa kwa hisa hizo inatoa shilingi 5,829 kwa hisa. Kila hisa imepoteza shilingi 21, wote wameumia sawa, na hakuna aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Wadhamini wake wakilipa zile 49,000 baadaye, zinagawanywa kwa hisa zile zile.

Hapo unaona kwa nini kanuni ya kukopa mara tatu ya akiba si ya mzaha. Mkopo wa mara tatu, mkopaji akikimbia siku ya kwanza, akiba yake inafunika theluthi moja tu. Kinachobaki kiko mabegani mwa wadhamini. Kikundi kinachokubali wadhamini ambao nao wana mikopo mikubwa, au watu wawili wanaodhaminiana wenyewe kwa wenyewe, hakina udhamini wowote.

Deni sugu linaonekana mapema kuliko watu wanavyodhani. Jina moja linajirudia kwenye ukurasa wa mikopo mwezi baada ya mwezi, na salio halishuki. Mwenye jina hilo analipa riba tu, au "anamaliza" mkopo na siku hiyo hiyo anachukua mpya wa kiasi kile kile au kikubwa kidogo, ambao ndani yake mna riba ya ule wa zamani. Kwenye daftari anaonekana mkopaji hodari, riba yake inaongeza faida ya kikundi, na wote wanapiga makofi. Lakini hakuna shilingi ya mtaji iliyorudi sandukuni. Dawa yake ni kumtaka alete pesa yote mezani, ihesabiwe, ikae sandukuni hadi mkutano unaofuata, ndipo aombe tena. Asiyeweza kuileta hajamaliza mkopo.

Kwa anayetaka kukagua kikundi chake bila kusubiri Desemba, kuna ulinganisho mmoja unaotosha:

```
pesa sandukuni + mikopo iliyo nje = akiba yote + riba iliyolipwa
```

Mwisho wa mwezi wa sita katika kikundi chetu, upande wa kulia ni milioni 6 na laki 6. Mikopo iliyo nje ni milioni 4.8. Kwa hiyo sandukuni lazima pawe na milioni 1.8. Pakiwa na milioni 1.5, kuna laki 3 zisizo na maelezo, na jambo hilo linaulizwa siku hiyo hiyo mbele ya wote, sanduku likiwa wazi. Weka riba iliyolipwa tu, usiweke iliyoahidiwa. Ulinganisho huu una kikomo chake: unakamata pesa iliyopotea sandukuni, haukamati mkopo wa uongo ulioandikwa kwa jina la mwanachama asiyejua. Huo unakamatwa kwa kusoma orodha ya wadaiwa kwa sauti kila mwezi, kila mmoja akiitikia deni lake.

Mfuko wa jamii, ule wa misiba, ugonjwa na kujifungua, ukae kwenye mfuko wake wa kitambaa na usiingizwe kwenye ulinganisho huu wala kwenye gawio la hisa. Kila mtu anauchangia sawa, kwa hiyo ukigawanywa kwa hisa, wenye hisa nyingi wanachukua michango ya wenzao. Faini nazo ni vizuri ziingie humo, ili pasiwe na mtu anayefaidika zaidi kwa mwenzake kuchelewa mkutano. Vikundi vingi huuhamishia wote kwenye mzunguko mpya.

Kuhusu sheria, Tanzania vikundi hivi vimo kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, daraja la nne, na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Usajili hauhakikishi akiba yako. Kinachosaidia ni kwamba katiba inakuwa imewekwa mahali panapojulikana, na mgogoro ukifika mbali kuna karatasi ya kuonyesha mlikubaliana riba ya salio au ya mtaji wa mwanzo, hisa zinasimama mwezi gani, na deni la mwisho wa mzunguko linafutwaje. Katiba nyingi nilizoziona zina ukurasa mzima wa faini za kuongea mkutanini na simu kuita, halafu mgao wa faida umepewa mstari mmoja: "faida itagawanywa kwa mujibu wa hisa." Kikundi kinachojiandaa kuanza mzunguko mpya Januari kiufungue mstari huo mmoja, kiandike bei ya hisa kwa anayejiunga katikati, mwezi wa mwisho wa kununua hisa, mwezi wa mwisho wa kukopa, na kwamba mgao unaanza kwa kuhesabu pesa iliyo mezani.